Naombeni ushauri: ripoti ya rafu iliyomwangukia mteja

Wakuu, juzi rafu ya ukutani dukani kwetu iling'oka ikamwangukia mteja begani. Tulimketisha, tukamwekea barafu iliyofungwa kwa kitambaa, na aliposhindwa kuinua mkono tukampeleka hospitali. Saa ya kila hatua nimeiandika.

Kinachonisumbua ni chanzo. Vijana waliondoa mzigo wote kabla sijapiga picha (siwalaumu, mteja alikuwa chini yake). Kwa daftari la stoo, juu kulikuwa na katoni 16 za sabuni ya maji. Nimepima moja kwenye mizani: kilo 13, jumla kilo 208. Kibandiko cha rafu kinaruhusu kilo 150.

Lakini skrubu hazikukatika. Zimechomoka na plagi zake, na matundu ukutani yamebomoka. Rafu hiyo ilihamishwa kutoka ukuta mwingine miezi 3 iliyopita, na fundi hakuacha karatasi yoyote.

Je, niandike chanzo ni uzito, au niandike nilichokiona na kupima tu, chanzo nimwachie mkaguzi? Bosi anataka niandike "bahati mbaya", nami sikubali. Na ukuta ule, naweza kuuziba au nisubiri?