Nauli ya Desemba: kutoka 30,000 hadi 38,000 ni wizi au ni biashara?

Mwenye basi mbili: Nina basi mbili za daraja la kati, Dar–Moshi. Mwaka mzima nauza 30,000, Desemba naweka 38,000 na bado niko ndani ya nauli ya juu inayoruhusiwa na LATRA, wadhibiti wa usafiri. Mwaka jana abiria walinirekodi pale Mbezi wananiita mwizi. Nakosea wapi?

Abiria wa Rombo: Unakosea hapo hapo ulipoandika. Basi lile lile, kiti kile kile, Novemba 30,000 na Desemba 38,000, nini kimeongezeka? Sisi tuko watano nyumbani, hiyo 8,000 mara tano ni 40,000, ni nauli ya mtu mzima mwingine kabisa. Na mnajua Krismasi lazima twende kwa wazee, hatuna pengine pa kwenda, ndo mnatushika hapo hapo.

Kijana wa Kariakoo: Ndugu zangu nyanya zikiadimika zinapanda bei na hakuna anayemrekodi muuza nyanya. Bei ikipanda wenye mabasi wengine wataona kuna hela wataleta magari, yakiwa mengi bei itashuka yenyewe. Muacheni mtu auze.

Mkata tiketi wa zamani: Kijana uko sawa nusu. Nyanya mtu yeyote anapakia kwenye gari analeta sokoni, basi haliletwi hivyo, linataka leseni ya njia. Ndo maana mwisho wa mwaka LATRA wanatoa vibali vya muda kwa magari ya njia nyingine, hicho kibali ndo kinaongeza viti, sio bei. Halafu pale stendi bei ikipanda kienyeji ile hela wala haimfikii mwenye gari. Nimekata tiketi Ubungo nikahamia Mbezi, nimeona tiketi inaandikwa 38,000 abiria katoa 50,000, ile 12,000 wanagawana wapigadebe, tajiri yuko nyumbani anasubiri hesabu na matusi anatukanwa yeye.

Sasa nirudi kwa mwenye basi maana hesabu yake watu hawaijui. Chukulia gari la viti 50. Siku za kawaida linaenda na watu 35 linarudi na 35, hao 70 kwa 30,000 ni 2,100,000 kwa safari ya kwenda na kurudi. Tarehe 22 Desemba linaenda limejaa, watu 50, linarudi Dar na watu 12 kwa sababu nani anatoka Moshi kuja Dar siku hiyo? Hao 62 kwa bei ile ile ya 30,000 ni 1,860,000. Umeona? Gari limejaa pomoni abiria wanasimama stendi wanalia wamekosa viti na tajiri kapata pungufu ya 240,000 kuliko Oktoba. Na dizeli ya kurudi ni karibu ile ile, gari liwe na watu 12 au 50, lita 190 hivi kwa kilomita kama 560.

Abiria wa Rombo: Hiyo sikuwa naijua na nashukuru umeieleza. Lakini na mimi nimepiga hesabu kwa simu, 2,100,000 gawa kwa 62 inakuja kama 33,900. Kwa hiyo 34,000 inamrudisha palepale. Hii 4,000 ya juu yake ni ya nini?

Mkata tiketi wa zamani: Hapo umenikamata. Atakwambia ni ya Februari gari linapoenda na watu 20, na ni kweli Februari ipo, ila hilo ni jibu la mwenye gari sio la abiria.

Mama wa mizigo: Samahani mimi naomba kuuliza, hivi mzigo nao unapanda Desemba? Maana mwaka jana nilipakia gunia moja la mchele wakanitoza kama mtu, na nauli nilikuwa nimeshalipa.

Mkata tiketi wa zamani: Mama hilo ni jambo lingine ila dai risiti ya mzigo, ukikosa risiti hata ukilalamika huna pa kuanzia.

Wa hoteli Paje: Mwenye basi, mimi niko mapokezi hotelini huku Zanzibar na bei zetu zinapanda na kushuka kuliko zako. Aprili na Mei mvua za masika chumba tunakitoa kwa bei ya chini sana, Julai na Agosti juu, Krismasi hadi mwaka mpya juu zaidi. Mgeni wa Desemba halalamiki wala harekodi mtu, na analipa pengine mara mbili ya mgeni wa Mei. Kwanini? Kwa sababu karatasi ya bei imetoka mapema, tarehe zote zimeandikwa, kila msimu na bei yake, kaiona kabla hajalipa hata senti. Wewe mteja wako kakariri 30,000 mwaka mzima, hiyo ndo bei yako kichwani kwake, siku anafika na begi ndo anasikia 38,000. Lazima aone kaibiwa hata kama sheria iko upande wako.

Geuza. Andika nauli yako ni 38,000, ibandike ofisini na kwenye tiketi, halafu Oktoba useme leo punguzo, unalipa 30,000. Hela ni ile ile anayotoa lakini sasa anajua anapunguziwa, na Desemba punguzo limeisha, hajapandishiwa.

Mkenya wa Bungoma: Kwetu huku serikali haipangi nauli za matatu, kila sako na bei yake. Nimewahi kupanga foleni Nairobi tarehe 23 bei ikapanda mara mbili nikiwa nimesimama pale pale, watu kumi mbele yangu wakalipa kidogo mimi nikalipa zaidi, gari moja. Hiyo ndio ilinichoma, si pesa yenyewe. Treni ya Mombasa nayo ni kinyume, daraja la kawaida ni 1,500 ya Kenya Krismasi au siku yoyote, hakuna anayesema kaibiwa, lakini ukichelewa tiketi zimeisha na unarudi kwa matatu. Kwa hivyo bei isiyosonga nayo ina watu inaowaacha.

Mwenye basi mbili: Nimewasoma wote. Mwaka huu naenda hivi: Oktoba natoa tarehe na bei zote kwa pamoja, viti 20 vya kwanza vya kila gari la Desemba 32,000, vinavyobaki 38,000, na aliyeshapewa namba ya malipo bei yake haiguswi mpaka muda wa kulipa uishe. Kurudi Dar siku hizo nauza 20,000, nikipata watu 25 badala ya 12 ni 500,000, kuliko 360,000 ninayopata kwa bei ya kawaida.

Abiria wa Rombo: Afadhali. Lakini fikiria dada wa kazi, mshahara anapewa tarehe 20 au 21 na tajiri yake, ruhusa ya kusafiri anaijua siku hiyo hiyo. Hivyo viti 20 vya Oktoba watavichukua wenye mishahara ya benki. Yeye mwenye kidogo kuliko wote ndo atalipa 38,000.

Wa hoteli Paje: Hilo hata sisi hatujalimaliza, anayepanga mapema siku zote ni mwenye nacho.

Mkata tiketi wa zamani: Aache viti vitano vya nyuma kwa 32,000, viuzwe siku ya safari tu.

Mwenye basi mbili: Na nikiviacha, mpigadebe nitamzuiaje asivinunue alfajiri yeye kwanza?

Mkata tiketi wa zamani: Tiketi iandikwe jina na namba ya simu ya msafiri, konda asome mlangoni. Atapita mmoja mmoja wa ujanja, ila hatabeba vitano.