Kurasa 64 za uongo: zana inayodai "inaona picha" imeniharibia kazi ya wiki tatu

Daftari Wazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nilipewa daftari za ghala, kurasa 64 zilizoandikwa kwa mkono, niziingize kwenye jedwali kama zilivyo kwa ajili ya ukaguzi. Nikalipia zana ya akili mnemba ambayo kwenye matangazo yake imeandikwa wazi kwamba inasoma picha. Nikaijaribu kwa faili moja ya PDF, ikasoma bila kukosea hata herufi. Nikaiamini, nikaipa kazi yote.

Mkaguzi amerudisha kila kitu. Ukurasa wa 17 una safu yenye 48, 73, 19 na 106. Mtunza ghala aliandika jumla 264, yaani alikosea, kwa sababu jumla sahihi ni 246. Kwenye jedwali langu imeandikwa 246. Kosa ambalo mkaguzi alikuwa analitafuta, zana imelifuta kimyakimya! Nikarudi kukagua mwenyewe nikiwa na karatasi mkononi. Kurasa kadhaa zina tarakimu ambazo hazipo popote kwenye daftari. Na jumla zote 64 zinalingana. Hapo ningeshtuka mapema, maana sijawahi kuona daftari la mkono la kurasa 64 lisilo na hata jumla moja iliyokosewa.

Niliiuliza mwanzoni, "Unaona picha niliyokutumia?" Ikajibu ndiyo, inaiona vizuri. Nawaomba msirudie kosa hilo. Kuiuliza zana kama inaona si kipimo, kwa sababu inaweza kujibu ndiyo hata kama picha haijaifikia.

Baada ya kuumia nimefanya majaribio ambayo nilipaswa kuyafanya siku ya kwanza, na yote hayafiki nusu saa.

La kwanza, nilipiga picha karatasi nyeupe isiyo na kitu, nikaipa faili jina `ankara_machi.jpg`, nikauliza jumla ni kiasi gani. Nikapewa kiasi, jina la mteja na tarehe. Karatasi tupu, wakuu! Ilikuwa inasoma jina la faili na kubuni yaliyobaki. Zana inayoona kweli ingesema karatasi haina kitu.

La pili, niliandika kwa kalamu `K7RM-40`, nikapiga picha na kuita faili `a.jpg`. Nikafungua mazungumzo mapya, maana ukibaki kwenye mazungumzo yaleyale inaweza kuokota jibu kutoka kwenye maneno uliyoyaandika juu. Hapo ikanipa msimbo mwingine kabisa.

La tatu ndilo ninalolithamini zaidi kwa kazi za hesabu. Andika jedwali dogo lenye jumla uliyoikosea kwa makusudi, kisha iambie inakili tu, isirekebishe. Ikikurudishia jumla sahihi, hiyo haifai kunakili nyaraka za ukaguzi, hata kama inaona vizuri namna gani.

Swali langu: kwa nini ile PDF ya majaribio ilisomeka vizuri hivyo?

Mbio za Jioni

Pole sana mkuu. Tatizo lako ni ubora wa picha. Piga kwa simu yenye megapikseli nyingi, itasoma. Mimi ndivyo nilivyofanya, na ankara zangu zinasomeka.

Daftari Wazi

Karatasi tupu ina ubora gani wa kuongeza, ndugu yangu? Ilibuni jina la mteja!

Fundi Skani

Nimefanya kazi ya kuhifadhi nyaraka kwa miaka mingi, ngoja nijibu lile swali la PDF. Karibu nina uhakika faili lako la majaribio lilitengenezwa kwenye kompyuta, kwa hiyo maandishi yake yamo ndani kama maandishi. Programu iliyachota, na hakuna picha iliyotazamwa. Kurasa zako za daftari ni picha pekee, hakuna maandishi ya kuchota. Angalia mwenyewe:

```
pdftotext faili.pdf -
```

Maneno yakitokea, jaribio lako halikupima macho. Ili upime kweli, chapisha ukurasa huohuo, upige picha, kisha utume picha. Matokeo yakishuka ghafla, utajua ilikuwa inategemea nini.

Kuhusu megapikseli, Mbio za Jioni ana nusu ya ukweli. Picha yenye ukungu haisomeki, sawa. Lakini zana nyingi huipunguza picha kubwa kabla ya kuitazama. Skani ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi ina pikseli 2,480 kwa 3,508. Ikibanwa mpaka upande mrefu uwe 1,000, tarakimu iliyokuwa na kimo cha pikseli 30 inabaki na 8 au 9. Hapo 3 na 8 zinafanana. Simu kubwa zaidi haikusaidii, kwa sababu kinachoingia ni kilekile kilichobanwa.

Namna ya kujua ni hii: andika mistari kumi ya tarakimu zisizo na mpangilio, kila mmoja mdogo kuliko uliopita. Usiandike 12345, itakisia. Tuma ukurasa mzima, uone inaanza kukosea mstari gani. Kisha kata ile mistari iliyoshindikana, uitume peke yake kama picha ndogo. Ikisomeka sasa, basi kubanwa ndiko kulikokuangusha, na dawa ni kuukata ukurasa vipande vyenye mistari michache. Isiposomeka hata hivyo, huo ndio mwisho wa macho yake.

Nembo na Rangi

Mimi pia wamenifanyia hivyo! Niliagiza zana ya kuhariri picha itoe doa kwenye ukuta nyuma ya mteja. Doa likatoka, lakini vifungo vya shati vikawa vitano badala ya sita, na mteja ndiye aliyegundua.

Fundi Skani

Hilo ni suala jingine, kuhariri na si kusoma, ila lina kipimo chake. Weka picha ya awali na iliyohaririwa juu ya nyingine kwenye programu ya picha, tabaka la juu uliweke kwenye hali ya tofauti. Pasipoguswa panabaki peusi, vumbi hafifu tu kama ni JPEG. Shati likionekana kwa mistari inayong'aa, ujue imechora picha upya badala ya kufuta doa. Vipimo vya picha zote mbili lazima vilingane, la sivyo kila kitu kitang'aa.

Daftari Wazi

Nimeendesha ile amri. Faili la majaribio limemwaga maandishi yote, na kurasa za daftari hazikutoa hata neno. Kwa hiyo nililipia macho yasiyokuwepo. Nimedai fedha zangu.

Nimejaribu zana nyingine. Karatasi tupu imesema ni tupu, msimbo imeupata, na 264 imeiacha 264. Lakini ukurasa wa 17 niliutuma mara tatu: mara mbili ikasoma 19, mara moja 79. Mtunza ghala huyu anaandika 1 yake na kofia kubwa.

Mbio za Jioni

Si uchukue jibu lililojirudia mara mbili?

Fundi Skani

Hapana. Inaweza kukosea vilevile mara mbili. Kutofautiana kunakuonyesha pa kuangalia kwa macho yako, lakini kukubaliana hakuthibitishi kitu. Kwa hizo 1 na 7 za mwandiko wake sina dawa niliyoijaribu ikakubali.

Daftari Wazi

Basi safu hiyo naiandika kwa mkono, kurasa zote 64. Aliyewahi kukutana na mwandiko wa hivi na akapata njia, aweke hapa.