Chuo kikuu au kwenda kwa fundi wa umeme? Kijana amemaliza S6

MamaBusia
Habari zenu ndugu. Kijana wangu amemaliza S6, yaani kidato cha sita hapa Uganda, matokeo yametoka na chuo kikuu anaweza kuingia. Binamu yake, mtoto wa kaka yangu, aliishia S4, sasa yuko Mbale kwa fundi wa umeme. Juzi amekuja nyumbani na pesa mfukoni. Wangu naye sasa anataka umeme, ila hajui apitie digrii au amfuate binamu yake. Kipi bora? Natakiwa kuamua upesi.

Okello_Tororo
Mama, umetuachia mengi gizani. S6 alisoma masomo gani? Kapata udhamini wa serikali au utalipa mwenyewe? Na huyo fundi wa Mbale ana kibali, au ni fundi wa kuitwa tu?

Nubi_Bombo
Mpeleke kwa fundi, usipoteze miaka. Siku hizi akipimwa na UVTAB, bodi iliyochukua upimaji wa ufundi kutoka DIT, akapata cheti, anaweza kusaini waya za nyumba yoyote Uganda. Digrii ni ya kuning'iniza ukutani.

FundiMzee_Jinja
Nubi, nusu ya hayo ni kweli. UVTAB inampima hata aliyejifunza kwa mikono bila darasa, na cheti chao kina maana. Lakini kibali cha kufunga umeme kinatolewa na ERA, mamlaka ya kusimamia umeme, tena vibali vina madaraja. Cha daraja la chini hakikuruhusu kugusa kila jengo. Digrii nayo peke yake si kibali.

Mama, nina wote wawili nyumbani, nikueleze ilivyokuwa. Binti yangu alisoma uhandisi wa umeme Kyambogo, miaka minne. Mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuja kwangu baada ya S4.

Mwaka wa kwanza mpwa alichonga kuta kwa patasi, akapitisha mabomba na kuvuta waya. Nilimpa chakula cha mchana na nauli, basi. Bodi ya fyuzi nilimwachia mwaka uliofuata, baada ya kumwona anapima kabla ya kushika, bila kukumbushwa. Binti wakati huo anakesha na hesabu. Mkopo wa bodi ya serikali ulilipa karo, lakini chumba na chakula vilitoka kwangu. Patasi hakuishika hadi alipopelekwa mazoezini kiwandani.

Sasa jirani yetu ana kinu kidogo cha kusaga mahindi, mota ya fezi moja, kilowati 3. Kutoka kwenye nguzo yake hadi kinu ni mita 90 hivi. Asubuhi mota inazunguka, jioni inanguruma tu. Mpwa akabadilisha kapasita inayosaidia mota kuanza, hali ikawa ileile. Akaweka nyingine mpya, bado.

Binti alikuwa likizo. Hakugusa kitu, aliuliza unene wa kebo. Ilikuwa ya milimita za mraba 4. Akakaa na karatasi: mota ikishakimbia inavuta ampea 20 hivi, na kwa urefu ule kebo inapoteza karibu volti 20. Hiyo inavumilika. Lakini inapoanza inaweza kuvuta mara tano ya hapo, kwa hiyo hadi volti 100 hivi zinaweza kupotelea njiani kabla hazijafika kwenye mota. Jioni mtaa mzima umewasha, umeme unaofika kwa jirani umeshapungua, ndipo mota inashindwa. Akasema wekeni kebo ya 16, hasara ya kuanza itashuka hadi volti 25 hivi.

Mpwa alikubali, lakini akaomba kwanza afukue ile ya zamani. Anajua watu wetu hununua vipande viwili kwa bei nafuu. Kweli, katikati, chini ya udongo, palikuwa na kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuviringishwa utepe, plastiki yote imeyeyuka. Hesabu ya binti ilidhani kebo ni nzima. Kiungo kile kingeweza kuungua siku yoyote, na watoto hucheza pale.

Kebo mpya aliivuta mpwa, mota ikaanza jioni hiyohiyo. Lakini cheti cha kazi hiyo nilisaini mimi, kwa sababu kibali ni changu. Ile ilimuuma. Ndipo akaenda kupimwa DIT, halafu akaanza kufuatilia kibali chake. Binti alipomaliza chuo, kazi ilichelewa kupatikana. Na bodi ya wahandisi humwandikisha kwanza kama mhitimu, anafanya kazi chini ya wahandisi kwanza kabla ya kuandikishwa kamili. Leo anachora mifumo ya majengo makubwa ambayo mpwa hawezi kuikadiria. Kwa pesa, msimu wa ujenzi mpwa anamzidi, mvua zikianza binti anamzidi.

Kijana_Malaba
Mzee, mpwa wako alibahatika, bosi ni mjomba. Mimi baba yangu alilipa ili nifundishwe kwenye karakana moja, sitaitaja. Hakukuwa na karatasi yoyote, walipeana mikono tu. Nilifagia, nikabeba ngazi, nikatumwa kununua chai. Kila ilipofika kazi ya kuunganisha bodi, natumwa dukani kuleta kitu. Nikirudi, bodi imefungwa. Nilidhani ni mambo ya mwanzo. Kumbe alikuwa anaficha ufundi, maana akinifundisha nitaondoka na wateja. Miaka miwili. Nilipotaka barua ya kuonyesha nilikuwa pale nikapimwe, alisema sikuwahi kuwa mwanafunzi wake, nilikuwa kibarua. Leo naendesha boda. Mama, kabla ya yote muulize binamu: amewahi kufungua bodi akaifunga mwenyewe, fundi amesimama pembeni? Zile pesa za mfukoni zinaweza kuwa za kubeba ngazi.

Nubi_Bombo
Pole sana ndugu. Lakini hata chuo kuna wanaotoka hawajui kushika bisibisi.

Acen_Lira
Mimi naona aingie umeme wa jua. Huku kwetu vijiji vingi nguzo hazijafika, kila mtu anataka paneli. Tangu kampuni ya Umeme iondoke Machi 2025 na UEDCL ya serikali kuchukua usambazaji, nasubiri kuunganishwa na bado.

Okello_Tororo
Acen, huko kwenu shida ni nguzo au transfoma? Hapa kwetu transfoma iliungua tukakaa gizani. Lakini turudi kwa mama, hajajibu swali.

MamaBusia
Samahani, nilikuwa sokoni. Alisoma HEG, yaani Historia, Uchumi na Jiografia. Udhamini hakupata. Fundi wa Mbale sijui kama ana kibali, kaka yangu ndiye aliyempata.

Okello_Tororo
Mama! Hilo ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza. Digrii ya uhandisi wa umeme inataka Fizikia na Hisabati za S6. Kwa HEG chuo kitampa biashara, ualimu au utawala. Kwa hiyo hachagui njia mbili za umeme. Anachagua kati ya umeme na kitu kingine kabisa.

FundiMzee_Jinja
Okello amesema kweli. Ila S4 alifanya sayansi, wote hufanya. Fizikia na Hisabati alipataje? Kama ni nzuri, kuna vyuo vya ufundi vinavyopokea kwa S4, na wenye diploma wengine huendelea hadi digrii. Ni njia ndefu, lakini anakuwa na darasa na patasi pamoja.

Nubi_Bombo
Afanye uchumi basi, afungue duka la vifaa vya umeme, amuuzie binamu yake kebo.

MamaBusia
Hati ya S4 iko kwa shangazi yake Tororo, nitaifuata kesho. Baba yake bado anasema digrii yoyote ni digrii. Na kwa yule fundi, nimuulize nini hasa bila kaka yangu kuona namdharau?

Kijana_Malaba
Mwambie unataka namba ya kibali chake kwa ajili ya waya za nyumba yako. Aliye nacho hutoa bila kukasirika.