Stima imepotea masaa 4: maziwa, mchuzi wa nazi na nyama mbichi. Nipike, nigandishe au nitupe?

Mama Ilham (Kisauni)
Assalaam aleikum wenzangu. Stima imepotea saa 7 mchana, ndiyo imerudi sasa, saa 11 jioni. Ndani ya friji nina pakiti ya maziwa niliyoifungua asubuhi, iko mlangoni. Rafu ya kati kuna sufuria ya kuku wa nazi wa jana usiku na bakuli la wali. Chini kabisa kuna kilo moja ya nyama ya ng'ombe na kipande cha jodari, vyote vibichi. Watoto wameifungua friji mara kwa mara kutafuta maji baridi, na joto la leo mnalijua. Mama mkwe asema nichemshe vyote tule. Jirani asema nitie vyote kwenye friza. Dada yangu asema nimwage. Nifuate lipi?

Babu Athmani
Mwanangu, msikilize mama mkwe. Sisi tumekua bila friji. Mchuzi wa usiku ukichemshwa alfajiri na ukichemshwa tena adhuhuri, haudhuru mtu. Moto waua kila kidudu. Onja kidogo, ukiona haujachacha, kula kwa bismillahi.

Juma Likoni
Dada, usiiwashe hiyo friji mara moja! Stima ikirudi huwa na nguvu ya kupanda na kushuka, yangu iliungua kompresa hivyo hivyo. Nunua kile kifaa cha kuchelewesha umeme, uchomeke friji hapo. Ni aina gani ya friji?

Mama Ilham
Ahsante kaka Juma, kifaa ninacho. Swali langu ni la chakula.

Mtunza Stoo (Diani)
Mama Ilham, mimi natunza vyumba vya baridi vya hoteli, na swali hili hunijia kila stima inapokatika. Friji iliyofungwa tii hukaa na baridi ya kutosha kwa masaa 4 hivi. Yako imefunguliwa, kwa hivyo usiihesabu hivyo. Na kuna jambo watu hulisahau: stima ikirudi, chakula hakipoi papo hapo. Sufuria iliyokwisha pata joto hukaa muda mrefu ndani ya friji inayonguruma kabla ya kushuka tena digrii 5. Muda huo nao unahesabika.

Babu, kwa heshima, moto huua vidudu, lakini sumu ambazo baadhi yao wamekwisha ziacha haziondoki. Wali ndio mfano mkubwa. Kuna kidudu ambacho mbegu zake hustahimili kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu, kidudu hicho huzaana na kutema sumu ya kutapisha, na hata uupashe moto vipi, sumu inabaki. Wala hutaisikia kwa kuonja. Tena mchuzi uliokuwa ukichemshwa kila baada ya masaa machache si sawa na mchuzi uliokaa vuguvugu mchana kutwa bila kuguswa.

Kabla ya kuamua, pima. Una kipimajoto?

Mama Ilham
Ninacho cha kupimia watoto homa.

Mtunza Stoo (Diani)
Hicho hakifai, kimetengenezwa kwa joto la mwili, hakishuki mpaka kwenye digrii za friji. Tafuta cha jikoni, wale wanaooka keki huwa nacho. Tumbukiza ncha ndani ya maziwa yenyewe, halafu katikati ya mchuzi. Usipime hewa ya friji, maana hewa hupoa upesi ikakudanganya. Ikifika zamu ya nyama, kichomeke katikati ya pande, kisha kioshe kwa sabuni kabla ya kugusa kingine.

Bi Mapishi (Kongowea)
Mimi napika chakula cha shughuli. Kwa mchuzi wa nazi naangalia ukingo wa sufuria. Tui likianza kuharibika hufanya povu jembamba pale mchuzi unapokutana na sufuria, na ukichota kwa mwiko hunyooka kama uzi. Likifika hapo halina dawa. Lakini nakubaliana na Mtunza Stoo, mchuzi waweza kuwa mbovu kabla ya dalili hizo. Dalili zakwambia tupa, hazikwambii kula.

Maziwa nayo, usidanganywe kwamba ukiyaacha yatakuwa mala. Mala hutiwa chachu yake kwa makusudi. Ya pakiti yaliyokaa mlangoni huharibika kivyake tu.

Mama Ilham
Nimeazima kipimajoto kwa jirani anayeoka. Maziwa digrii 12. Mchuzi 9. Wali 11. Nyama 6. Jodari, kwa kuwa kilikuwa juu ya nyama karibu na mlango, 9. Friza haijafunguliwa kabisa, barafu bado ngumu.

Mtunza Stoo (Diani)
Umenirahisishia. Friza iache ilivyo. Friza iliyojaa na kufungwa hukaa hata siku mbili.

Kanuni tunayoifuata jikoni ni hii: kilichokaa juu ya digrii 5 kwa chini ya masaa 2 kirudi friji. Kati ya masaa 2 na 4 kitumike sasa hivi, kisirudi tena. Zaidi ya 4, tupa. Wapo walio wakali zaidi, wao hutupa baada ya masaa 2 tu.

Nyama iko 6 na ilikuwa chini ambako kuna baridi zaidi, haikukaa nje ya mpaka kwa muda mrefu. Ipike usiku huu mpaka ndani, usiigandishe mbichi. Friza husimamisha vidudu tu, haiviui. Utakuja kuitoa wiki ijayo navyo vikaendelea vilipoachia. Ikishapikwa na kupoa, hapo gandisha ukitaka. Wali mwaga. Maziwa yamekuwa na joto karibu muda wote; kama lazima, yachemshe yaishe kwenye chai ya sasa hivi, na mtoto mdogo usimpe.

Jodari ningeitupa. Jodari na kibua wakipata joto hutengeneza kitu kinachowasha mwili: uso huwa mwekundu, kichwa huuma, ulimi husikia ukali kama wa pilipili. Kitu hicho hakitoki kwa kukaanga, na samaki aweza asinuke kamwe.

Bi Mapishi (Kongowea)
Jodari naafiki. Mchuzi mimi ningeuokoa. Digrii 9 si vuguvugu, na sufuria nzito yachelewa kupata joto, pengine haijapita hata masaa 2. Uchemke utokote kabisa, uliwe usiku huu.

Mtunza Stoo (Diani)
"Pengine" hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi, Bi Mapishi. Hakuna aliyepima saa 9. Na kuku huyo ni wa jana. Hatujui jana alikaa mezani muda gani kabla ya kuingia friji.

Babu Athmani
Hili la wali sikulijua. Lakini kuku mzima amwagwe kwa digrii 9?

Mama Ilham
Jana alikaa mezani kama saa moja na nusu, tulikuwa na wageni.

Mtunza Stoo (Diani)
Basi muongezee hiyo. Kwangu anatoka.

Bi Mapishi (Kongowea)
Hapo hata mimi nasita. Kwa watu wazima wenye afya ningemchemsha. Kwa watoto, la.

Mama Ilham
Nyama iko jikoni tayari. Wali na jodari nimetupa, maziwa yamekwisha kwenye chai ya wakubwa. Kuku naona nimwage pia, mwanangu mdogo ni wa miaka 2. Juma, friji ni ya milango miwili, na kifaa changu huchelewesha dakika chache tu. Yatosha?