Tupeane uzoefu: kupanga leya ili mwenzako aweze kuhariri faili

Mtunzabango: Ndugu wanajukwaa, nimekabidhiwa faili la Photoshop la bango la warsha, na kazi yangu ni kubadili tarehe tu. Tarehe hiyo imo katika leya tatu, mbili kati yake zimefichwa, na nyingine zote zinaitwa `Layer 14 copy`, `Layer 14 copy 2` na kuendelea. Ninyi hupangaje faili mnapojua litahaririwa na mtu mwingine?

Bi Rula: Mimi hupanga makundi kwa kufuata sehemu za bango, yaani kichwa, picha, ratiba, nembo na usuli, kwa sababu anayekuja baadaye hutafuta ratiba, hatafuti "maandishi". Leya ya maandishi hujiita kwa maneno yaliyomo mpaka uipe jina mwenyewe, kwa hiyo naiita `tarehe_warsha`, jina ambalo halitapitwa na wakati siku ikibadilishwa.

Kasi: Hilo si la kuumiza kichwa. Teua leya zote zinazohusiana, bonyeza Ctrl+G, basi. Kundi ni bahasha tu, halibadilishi mwonekano.

Bi Rula: Ndugu Kasi, hiyo ni kweli ikiwa leya zimefuatana. Zikiwa zimetawanyika, zote huhamia pale ilipokuwa ile ya juu kabisa, na kivuli kilichokuwa nyuma ya picha chaweza kujikuta mbele yake. Kundi jipya huwa katika hali ya `Pass Through`; mtu akiigeuza kuwa `Normal`, leya ya marekebisho iliyo ndani, iliyokuwa ikitia giza usuli ulio chini ya kundi, haitaugusa tena. Ndiyo maana kabla ya kupanga nabonyeza Ctrl+Shift+Alt+E nikiwa kwenye leya ya juu kabisa, nipate nakala bapa ya kila kinachoonekana, kisha naificha. Nikimaliza naiwasha ikiwa juu ya vyote, katika hali ya `Difference`. Pote pakiwa peusi, hakuna kilichobadilika. Pakitokea hata ukingo wa rangi, hapo ndipo nilipoharibu. Nakala hiyo naifuta kabla ya kukabidhi.

Mgeni wa Jana: Faili langu ni zito, kwa hiyo huunganisha leya zote ziwe moja. Je, hilo nalo ni kupanga?

Mtunzabango: Hapana, ndugu, uzito utapungua, lakini tarehe itakuwa imegeuka picha. Na zile leya zilizofichwa, nizifute?

Kasi: Futa. Anayezihitaji atafungua `bango_warsha_v02.psd`. Wewe hifadhi kazi yako kama `bango_warsha_v03.psd`.

Bi Rula: Mimi nisingefuta kabla ya kumuuliza aliyekukabidhi, kwani huenda hizo mbili ni tarehe za matoleo mengine ya bango hilohilo. Ziweke kwanza katika kundi la `akiba`, lililozimwa.

Kasi: Na makundi ya `akiba` huwa hayafutwi kamwe.