Kanisa linawakaribisha watazamaji wa laivu, kisha linawaacha mikononi mwa matapeli

MtotoWaBusia:
Wadau, nimekaa na hasira hii siku nne, leo naitoa.

Mama yangu ana miaka 67, anauza mukene sokoni Busia. Magoti hayamruhusu kusafiri, kwa hiyo Jumapili anafuata ibada ya Kiswahili ya kanisa letu la Kampala kupitia YouTube. Jumapili iliyopita alituma fungu la kumi, shilingi 120,000, na zote zikaishia kwa tapeli. Wazee wa kanisa wanasema mama hakuwa makini. Mimi nasema aliyemponza ni yule anayesoma karatasi ya ukaribisho, na nitaeleza kwa nini.

Karatasi ile inasema hivi, neno kwa neno, kila wiki: "Karibuni mnaotutazama mtandaoni. Tuandikieni jina lako, uko wapi na hitaji lako la maombi. Wakati wa sadaka, namba iko kwenye maoni. Ukishatoa, andika NIMETOA tukuombee."

Mama akatii. Akaandika jina lake, Busia, sukari imepanda, na kwamba leo analeta fungu la kumi. Mbele ya watu mia tatu asiowajua! Dakika chache baadaye akaunti yenye picha ya mchungaji wetu ikamjibu kwa jina: "Mama, Bwana amesikia habari ya sukari yako, tuma kwa namba hii." Nani asingeamini? Tapeli hakuhitaji kupeleleza chochote, karatasi yetu ndiyo iliyomwambia mama atangaze ugonjwa wake na pesa yake.

Mhazini ananijibu kwamba namba ya kweli iliwekwa. Ndiyo, iliwekwa. Lakini nilirudi kanisani Jumatano wakati wa maombi na simu mbili. Moja niliweka wazi kwenye laivu, nikasikiliza mkaribishaji kwa masikio yangu. Sauti ilinifikia kwenye simu baada ya sekunde 35. Maoni hayacheleweshwi hivyo, yanatokea karibu papo hapo. Sasa fikirieni: kijana wa mitambo anabandika namba mara tu mkaribishaji anaposema "namba iko kwenye maoni". Mama anasikia maneno hayo sekunde 35 baadaye, na kwa muda huo "Amina" na "Haleluya" zimeshaisukuma namba ya kweli juu, haionekani. Iliyo mbele ya macho yake ni ya tapeli, maana yeye anairudia kila mara.

Na jina lilitokea kabla hajaweka pini. Aliliona, jina la mwanamume asiyemjua. Akadhani ndiye mhazini mpya! Hakuna siku hata moja mkaribishaji alimwambia jina gani litokee.

Ibada zilipofungwa Machi 2020 tulisema tunajifunza, tuvumiliane. Miaka imepita na karatasi ni ile ile.

Baba Sifa:
Pole kwa mama. Wamwambie atumie benki tu. Hii momo siku hizi serikali inakata kodi ya 0.5% ukituma, tapeli anakata kilichobaki.

Fundi Mitambo:
Baba Sifa, ile 0.5% hukatwa wakati wa kutoa pesa, si kutuma. Mwaka 2018 ilianza kama 1% kwa karibu kila muamala, ikabadilishwa mwaka huo huo. Hapa haihusiani.

MtotoWaBusia, nimeendesha laivu za makanisa tangu 2019, na hesabu yako ya kuchelewa ni sahihi. Kucheleweshwa kunaweza kupunguzwa kwenye mipangilio, ila intaneti ikiyumba picha itakatikakatika kwa watu wa vijijini, kwa hiyo sisi huacha. Dawa ni kutotegemea maoni kabisa. Namba ikae chini ya picha yenyewe, kubwa, tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Tapeli anaweza kuandika kwenye chati, hawezi kuandika juu ya video yenu. Kisha onyo moja la chaneli lipachikwe juu ya chati, lile halisukumwi na Amina.

Orodha ya maneno yaliyozuiwa itasaidia kidogo tu. Ukizuia namba fulani, ataiandika kwa nafasi katikati au kwa maneno, "sifuri saba saba". Lazima akae mtu anayefuta, na ibada yenye watu mia tatu inahitaji wawili.

Mama Neema wa Nakivale:
Mimi naona tofauti. Huku kambini tunasikiliza watu sita kwa simu moja, sauti tu, kioo tunakifunika bando lisiishe. Hiyo namba ya chini ya picha hatuioni. Na bando lenyewe lina kodi ya 12%. Kwa nini hawaisomi kwa mdomo, polepole, mara mbili?

Fundi Mitambo:
Umenifunza, Mama Neema. Sikuwahi kufikiria hilo. Ngoja niandike ukaribisho upya, mnirekebishe:

"Karibuni mnaotutazama na mnaotusikiliza. Namba ya sadaka ni ya kanisa, naisoma mara mbili. Ukiingiza, simu itakuonyesha jina la kanisa hili kabla ya pini. Likitokea jina la mtu, hata kama ni la mchungaji, simama, usiweke pini. Hatutumi namba kwenye maoni, na hakuna mtumishi atakayekuandikia pembeni kukuomba pesa. Usiandike kiasi ulichotoa. Kwenye maoni andika jina la kwanza na neno 'maombi'. Habari ya ugonjwa au nyumba yako tupigie ofisini."

Hili litafanya kazi tu kama laini imesajiliwa kwa jina la kanisa. Makanisa mengi bado yanatumia laini ya mhazini, na hapo jina la mtu ndilo linalotokea kihalali.

Hajati Bombo:
Kwetu msikitini imamu akianza hotuba ya Ijumaa, maoni yanafungwa. Kuongea wakati wa hotuba hakufai, na kuandika naona ni yale yale. Na tunaambiwa wazi kwamba kutazama si kuswali Ijumaa. Fungeni maoni, mtapumzika.

MtotoWaBusia:
Hajati, asante, lakini kwa mama maoni ndiyo kanisa. Pale ndipo wenzake wa zamani humsalimia. Akifungiwa, anabaki na televisheni.

Fundi, umegusa kidonda. Laini yetu IKO kwa jina la mhazini. Ndiyo maana mama aliona jina la mtu akaona kawaida! Alishazoezwa.

Mzee Kiongozi:
Mimi ni mzee wa kanisa, si la kwenu. Kijana, pesa ya sadaka Mungu ameshaiona. Usichafue nyumba ya Bwana hadharani.

MtotoWaBusia:
Shikamoo Mzee. Kwa heshima, kanisa sijalitaja. Ila mama yangu amelia kwa siku tatu, anaona aibu hata kuniambia alichoandika. Alinipigia zikiwa zimepita saa mbili tangu atume, pesa zikawa zimeshatolewa. Angejua namba ya kupiga dakika ile ile, pengine zingezuiwa kabla. Hilo nalo halimo kwenye karatasi.

Baba Sifa:
Laini ya kanisa inasajiliwaje? Wanadai cheti gani? Sisi tuko watu arobaini tu, hatuna cheti.

Fundi Mitambo:
Hapo sina jibu la hakika kwa kikundi kisichosajiliwa. MtotoWaBusia, swali moja: marudio ya ibada ile bado yako kwenye chaneli? Chati nayo hurudiwa pamoja na video.

MtotoWaBusia:
Nimeingia sasa hivi. Dakika ya 47. Namba ya tapeli ipo, picha ya mchungaji ipo, na sukari ya mama ipo. Video imeshatazamwa mara 1,900.