Mjadala: Slaidi ya siku ya kwanza inasema UE 60, kosiweki 40. Kwa kozi ya vitendo hii ni haki?

Mwaka wa Pili: Jamani leo tumefungua kozi ya Mbinu za Utafiti, lekcha kaonyesha slaidi zake. Malengo manne: tuweze kueleza dhana za msingi, kupanga sampuli na dodoso, kuchambua data na kuandika ripoti, na kutetea matokeo yetu mbele ya watu. Tathmini: testi ya kwanza 15, testi ya pili 15, asaimenti ya kikundi 10, hizo ndizo kosiweki, halafu mtihani wa mwisho wa semista yaani UE 60. Ratiba: wiki ya 1 mpaka ya 5 dhana na sampuli, ya 6 testi, ya 7 mpaka ya 9 dodoso na kukusanya data, ya 10 mpaka ya 12 uchambuzi, ya 13 testi, ya 14 prezentesheni, ya 15 marudio. Swali langu, mtihani wa masaa matatu kubeba 60 kwenye kozi ya kwenda kwa watu na dodoso, ni haki kweli? Mimi naona igeuzwe, kosiweki 60 UE 40.

Mtoto wa Mbagala: Haki kabisa, acheni kulalamika. Kosiweki ni ya kupitia tu, hata ukipata 10 ukipiga 50 kwenye UE una 60 yako na B+ juu. Nimeona watu wamelala semista nzima wakaamka wiki mbili za mwisho na pasti pepa wakatoka vizuri tu.

Dada wa Kinondoni: Kaka hesabu yako ya kujumlisha ni sawa ila hiyo 10 haikufikishi kwenye chumba cha mtihani. Chuo chetu ukiwa chini ya 16 kati ya 40 hukalishwi UE, jina lako halipo kwenye orodha, na vyuo vingine vingi vina sharti kama hilo. Halafu sapu nayo, ule mtihani wa kurudia ukifeli, kwetu ukifaulu unaandikiwa C hata uandike pepa la 80. Hao unaowasema walilala walikuwa wameshavuka 16 mapema, ndio maana walilala kwa amani.

Mzee wa Tanga: Kwa hiyo sasa mnataka kufuta mitihani? Sisi tulikaa mtihani wa mwaka mzima, kila kitu siku moja, na tukatoka watu. Mtihani ukifutwa daktari atakayenipasua nitamjuaje?

Mwaka wa Pili: Hapana mzee wangu shikamoo, hatufuti, UE inabaki, tunaongelea ibebe kiasi gani.

Mwalimu wa Takwimu: Nafundisha kozi za aina hii, naomba tuisome hiyo slaidi kwa pamoja kabla ya kugombea 60 na 40, maana nikiitazama tatizo silioni pale mnapolionyesha. Chukua malengo manne uweke pembeni, halafu kila alama uipeleke kwenye lengo lake. Testi ya kwanza ipo wiki ya 6, kwa hiyo inapima dhana na sampuli peke yake. Testi ya pili wiki ya 13, hapo dodoso na uchambuzi vimeingia lakini kwa kalamu na karatasi. UE nayo kalamu na karatasi. Jumla 15 na 15 na 60, hizo ni alama 90 za kuandika ukiwa umekaa kwenye kiti. Lengo la tatu, la kuandika ripoti, na la nne, la kutetea matokeo, vimebanana kwenye asaimenti ya kikundi yenye alama 10, na prezentesheni ya wiki ya 14 sijaona hata imeandikiwa alama yake. Ukigeuza leo ikawa kosiweki 60 UE 40 na ukaongeza testi ya tatu, umebadilisha namba lakini bado hakuna aliyepimwa kutetea kitu.

Mwaka wa Pili: Mwalimu hapo nimeelewa, ila bado kugeuza kunasaidia si ndiyo? Aliyefanya kazi semista nzima atapanda.

Mwalimu wa Takwimu: Anaweza kupanda, tupige hesabu tuone anapandia wapi. Mwanafunzi wa kwanza ana kosiweki 34 kati ya 40 na UE 30 kati ya 60, jumla 64, B+. Wa pili ana kosiweki 26 na UE 44, jumla 70, A. Sasa geuza. Wa kwanza 34 yake inakuwa 51 kati ya 60, na 30 yake inakuwa 20 kati ya 40, jumla 71, A. Wa pili 26 inakuwa 39, na 44 inakuwa kama 29, jumla 68, B+. Wamebadilishana viti na hakuna aliyeandika neno jipya. Sasa hapo lazima uulize, ile 34 ya wa kwanza imetoka wapi? Kama imetoka kwenye testi alizokaa mwenyewe, sawa, alistahili. Kama kwenye kikundi alipata 9 na hakuwahi kushika dodoso, umempa A mtu ambaye hajui kuuliza swali la utafiti.

Na kuna jambo wanafunzi wengi hawaliangalii kwenye slaidi ya uzito. Alama inayoamua nani yuko juu ya nani ni ile inayotawanya watu. Tuseme vikundi vyote vimepata kati ya 7 na 9, tofauti ni alama mbili tu darasa zima. Kwenye UE mmoja ana 18 mwingine 52, tofauti 34. Basi hiyo 10 ya kikundi ipo kwenye slaidi lakini kwenye orodha ya matokeo haijamsogeza mtu. Ukiipandisha ikawa 30 na walimu wakaendelea kutoa kati ya 21 na 27, umewapandisha wote kwa pamoja, umewasogeza kidogo sana.

Binti Mombasa: Sisi huku Kenya wengi tulikuwa 30 kwa 70, kwa hiyo nyie mwashukuru. Mimi niliugua malaria wiki ya mitihani, nikapewa mtihani maalum baadaye, na nilipoukalia ule mtihani nilikuwa nimeshasahau nusu ya kozi. Lau kazi yangu ya semista ingekuwa na uzito zaidi singeangukia kule nilikoangukia. Kwa hivyo mimi niko na huyu mdogo wangu, siku moja isiamue mwaka wa mtu.

Dada wa Kinondoni: Pole sana dada. Ila huku kwetu kuna wanaoumia kwa upande wa pili. Kuna watu mkopo unachelewa, ada haijakamilika, hawajasajiliwa, na wiki ya 6 testi inafanyika jina lao halipo. Wengine mwaka wa kwanza wanafika chuo wiki ya 4. Mtu huyo amekosa 15 kabla hajajua hata venyu iko wapi, kwa mfumo wa UE 60 bado ana pa kujiokoa, ukimpa kosiweki 60 umemmaliza mapema. Na maskini ndio wengi hapo.

Mtoto wa Mbagala: Na mimi niongeze, asaimenti za siku hizi watu wanaandikiwa. Unalipa, unaletewa ripoti imepangwa vizuri kuliko ya lekcha. UE huwezi kumtuma mtu.

Aliyekuwa Ofisi ya Mitihani: Hilo la mwisho ndilo linalofanya Seneti za vyuo zishikilie 60, nimekaa kwenye vikao hivyo. UE inapita mikono mingi, pepa linasomwa na idara kabla, skripti zinapitiwa na mtahini wa nje kutoka chuo kingine, mwanafunzi ana namba badala ya jina. Kosiweki anaisahihisha mwalimu mmoja, au msaidizi wake, na sijaona mtahini wa nje akifungua asaimenti mia nne. Ukiongeza uzito wa kosiweki bila kuongeza ukaguzi wake, umehamisha alama kutoka panapoonekana kwenda pasipoonekana. Na mdogo wangu usipoteze nguvu kumwomba lekcha abadilishe 40 na 60, hana mamlaka hayo, ni kanuni ya chuo. Lakini namna ya kuigawa hiyo 40 ndani yake, vyuo vingi inaamuliwa na mwalimu na idara yake, na wiki ya kwanza na ya pili ndio wakati wa kuongea. Baada ya testi ya kwanza kufanyika hakuna atakayeigusa tena, maana kubadilisha hapo ni kumwonea aliyeshafanya.

Mwaka wa Pili: Sasa mwalimu na mzee wa Ofisi ya Mitihani, tuombe nini hasa? Tuko kama 400 darasani.

Mwalimu wa Takwimu: Mimi ningependekeza testi ziwe 10 na 10, kikundi 20, na hiyo 20 igawanywe: 10 ripoti ya pamoja, 10 ya kila mtu kuulizwa mwenyewe. Mtu anakaa na msaidizi wa kozi dakika tatu, anaonyeshwa jedwali moja kutoka ripoti yao, anaulizwa hapa mmeuliza kaya ngapi, mliwachaguaje, na hii asilimia mmeipata kwa kugawa kwa ngapi. Aliyelipia ripoti anakwama kwenye swali la kwanza, nimeona mara nyingi, anajua namba lakini hajui zimetoka mtaa gani. Na alama za kila mtu zitatawanyika, siyo zile 7 mpaka 9. Muda upo: watu 400 kwa dakika tatu ni dakika 1,200, masaa 20, wasaidizi wawili wanazimaliza kwenye semina za wiki ya 14. Mkisema kila mtu aandike ripoti yake, kuisoma moja ni dakika 20, ni zaidi ya masaa 130, hapo hakuna mwalimu atakayesoma kweli, atapima uzito wa karatasi kwa mkono.

Aliyekuwa Ofisi ya Mitihani: Nakubali kasoro kitu kimoja. Hayo maswali ya dakika tatu yanaachwa wapi? Mwanafunzi akikata rufaa ya alama yake sina karatasi ya kufungua. Msaidizi mmoja mkali mwingine mpole, nani anawalinganisha?

Mwalimu wa Takwimu: Fomu moja yenye maswali yaleyale na nafasi ya kuandika alichojibu, wasaidizi wote wawili wakae pamoja kwa wanafunzi kumi wa mwanzo walinganishe alama. Haifuti tatizo lote, nakubali. Mtu mwenye aibu ya kuongea atapata chini hata kama kazi aliifanya yeye, na hilo sijapata dawa yake.

Binti Mombasa: Na mwenye kigugumizi je? Rafiki yangu alikuwa mzuri kushinda sote kwenye data, lakini mbele ya watu hasemi.

Dada wa Kinondoni: Na yule aliyechelewa mkopo, akikosa testi ya wiki ya 6, ile 10 yake inahamia wapi? Hiyo nayo iandikwe kwenye slaidi mapema, siyo kila mtu akabembeleze ofisini kwa lekcha.

Mwaka wa Pili: Siaa wetu, mwakilishi wa darasa, anaonana na lekcha Alhamisi kabla ya kipindi. Tumeandika mawili tu: 40 igawanywe 10, 10 na 20, na slaidi iseme aliyekosa testi kwa sababu ya usajili anafanya lini nyingine. La kigugumizi nitaliuliza mwenyewe, nikijibiwa nawaletea hapa.